ExifTool na klipu 412 za mwani: kazi imefanyika, ila saa zilinizungusha

Nimeitumia ExifTool kwa wiki mbili mfululizo kwenye kazi moja, na naandika kabla sijasahau palipouma. Kazi yenyewe ilikuwa filamu fupi kuhusu wanawake wanaolima mwani Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Tulipiga siku za bamvua, maji yakipwa sana, na tukarudi na klipu 412: 268 za kamera ya Sony, 97 za simu ya aifoni, na 47 za droni ya kuazima. Mtayarishaji akataka jedwali moja: kila klipu na lenzi yake, tarehe na saa, na mahali ilipopigwa. Nilianza kwa mkono, nikifungua klipu moja moja na kuandika. Nilifika ya thelathini nikaacha.

ExifTool ni programu ya bure ya kusoma taarifa zilizoandikwa ndani ya mafaili ya picha na video, na imeandikwa na Phil Harvey. Haina madirisha wala vitufe, unaandika amri kwenye terminali na inakujibu kwa maandishi. Kwa mtu aliyezoea kubofya inatisha kidogo siku ya kwanza. Siku ya pili hutaki tena kurudi kwenye kubofya.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kurukia folda nzima. Anza na klipu moja ya kila kifaa, uone kifaa hicho kinaandika nini na kwa jina gani:

```
exiftool -a -G1 -s C0147.MP4
```

Hapo inamwaga kila kitu ilichokikuta, na pembeni ya kila jina inaonyesha kundi lilikotoka. Utahitaji majina hayo kwa sababu watengenezaji hawakukubaliana. Kwangu kamera ilikuwa na `CreateDate` na pia `CreationDateValue`, na lenzi ilikaa kwenye `LensModelName`. Simu ilikuwa na `CreateDate` na `CreationDate`. Droni ilikuwa na `CreateDate` peke yake. Ukiomba `LensModel` tu kwa sababu ndilo jina ulilolizoea kwenye picha za mnato, safu nzima inaweza kutoka tupu ukadhani taarifa haipo.

Baada ya kuyajua majina, nikaandika amri ya folda nzima:

```
exiftool -csv -f -r -progress -ext mp4 -ext mov -i HIDDEN \
 -FileName -LensModelName \
 -CreateDate -CreationDate -CreationDateValue \
 -GPSLatitude# -GPSLongitude# . > orodha.csv
```

`-r` inaingia hadi folda za ndani, na `-f` inaweka kistari pale ambapo taarifa haipo, ili pengo lionekane. `-progress` niliiongeza baada ya kuipigia programu kelele bure: ukitumia `-csv`, inasoma mafaili yote kwanza ndipo iandike jedwali, kwa hiyo dakika za mwanzo faili lako lina ukubwa wa sifuri na unahisi kompyuta imeganda. Haijaganda, iache.

Hiyo `-i HIDDEN` ina kisa chake. Mara ya kwanza jedwali lilikuja na mistari 680. Nilizihesabu klipu upya nikidhani nimechanganyikiwa. Kumbe za kamera zilinakiliwa kwenda diski ya nje kwa kompyuta ya Mac, na kila moja iliachiwa kivuli chake kinachoanza na nukta, mfano `._C0147.MP4`. Hivi havionekani ukifungua folda, lakini ExifTool inaviona na kuviandikia mstari. Jumlisha 412 na 268 utapata 680 kamili. Ukiona mistari imezidi, angalia kwanza kama kuna majina yanayoanza na nukta.

Alama ya `#` mwishoni mwa `GPSLatitude` nayo usiiache. Bila hiyo unapata mahali kwa digrii na dakika na herufi S, kitu kinachosomeka na mtu lakini ramani za kompyuta nyingi hazikipokei kilivyo ndani ya jedwali. Ukiiweka unapata namba safi, kama -6.2675 na 39.5352. Hiyo alama ya kutoa ndiyo inayosema uko kusini mwa Ikweta. Mwenzangu mmoja aliifuta akidhani ni uchafu, na wakulima wetu wa mwani wakatokea milimani kusini mwa Ethiopia.

Sasa saa.

Nilimtumia mtayarishaji jedwali la kwanza nikijivuna. Hazikupita dakika kumi akanipigia: "Kaka, hawa dada zetu wanaingia baharini usiku wa manane?" Nikafungua. C0147, tarehe 13 Februari 2025, `CreateDate` ikasema 04:52, yaani karibu saa kumi na moja alfajiri. Nikafungua klipu yenyewe: jua limeshapanda, vivuli virefu juu ya mchanga, mtu anafunga kamba ya mwani akikunja uso kwa mwanga. Kwa Unguja mwezi huo jua halijachomoza saa hiyo. Kilichokosekana ni saa tatu.

Sababu ni hii. Kwa kanuni ya mafaili ya MP4 na MOV, `CreateDate` huandikwa kwa saa za UTC, na sisi Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa tatu. Kamera na simu zilifuata kanuni. Droni haikuifuata, iliandika saa za hapa hapa kana kwamba ni UTC. Matokeo yake, tukio moja lilisambaratika: kamera 04:52, simu 04:58, droni 07:55, ilhali wote tulikuwa tumesimama pamoja. Nilipopanga jedwali kwa saa, klipu za droni zilijikusanya chini kama zilipigwa baada ya chai.

Kuna dawa inayotajwa sana, `-api QuickTimeUTC`, inayoiambia ExifTool iiamini `CreateDate` kuwa UTC na kuigeuza iwe saa za kompyuta yako. Niliijaribu. Kamera na simu zikanyooka, droni ikarukia 10:55. Kwa hiyo inafaa pale tu vifaa vyako vyote vinapofuata kanuni, na pale kompyuta yenyewe imewekwa saa za mahali mlipopigia. Ukiwa Muscat na klipu za Paje, itakupa saa za Muscat.

Nilichofanya ni kuacha tarehe zikiwa ghafi na kuchagua ndani ya LibreOffice Calc. `CreationDateValue` ya kamera na `CreationDate` ya simu zote mbili huja na +03:00 mwishoni, maana yake zinataja saa za mahali na tofauti yake na UTC. Hizo naziamini kwanza. Isipokuwepo yoyote, basi ni droni, nachukua `CreateDate` yake ilivyo. Kwangu safu D, E na F ndizo tarehe tatu kwa mpangilio wa amri, kwa hiyo:

```
=IF(F2<>"-";F2;IF(E2<>"-";E2;D2))
```

Bado kuna kikwazo kidogo. ExifTool huandika tarehe kwa nukta pacha, 2025:02:13, na Calc haiitambui hiyo kama tarehe, inaiona ni maandishi. Utajua kwa sababu imejibana kushoto mwa kisanduku. Basi safu inayofuata naigeuza:

```
=DATEVALUE(SUBSTITUTE(LEFT(I2;10);":";"-"))+TIMEVALUE(MID(I2;12;8))
```

Ukiwa na Eksel, huenda ukahitaji koma badala ya nukta mkato, inategemea lugha ya kompyuta. Baada ya hapo C0147 ikasoma 07:52, droni 07:55, simu 07:58. Mtayarishaji akaridhika, ingawa akanitaka niongeze safu ya "saa mbili kasoro dakika nane" kwa ajili ya wasimulizi wetu. Nilimwambia hiyo ExifTool haifanyi, wala mimi.

Kwa nini nimeng'ang'ania saa namna hii? Kwa sababu mahali pa kamera nilipapata kupitia saa. Kamera yetu haina GPS yake, na hatukuiunganisha na simu, hivyo klipu zote 268 zilikuwa na kistari kwenye safu za mahali. Simu ilikuwa na mahali kwenye karibu kila klipu. Jedwali likishapangwa kwa saa sahihi, klipu za kamera zinalala katikati ya za simu, na nikachukua mahali pa simu iliyo karibu zaidi kwa dakika. Kwa shamba la mwani hilo linatosha, hatuhami kilomita ndani ya dakika tano. Kwa mtu anayepiga akiwa ndani ya gari, asijaribu.

Hata hapo kulikuwa na dosari. Simu hujiwekea saa kutoka mtandaoni, lakini kamera huwekwa kwa mkono. Nilitafuta kitu kimoja kilichonaswa na zote mbili, nikapata mama mmoja akitua gunia la mwani, na saa zikatofautiana kwa dakika nne: kamera ilikuwa nyuma. Niliziongezea klipu za kamera zote dakika nne kabla ya kupanga, kwa hiyo C0147 iliishia kwenye 07:56. Mahali nilipojaza kwa njia hii nilipapaka rangi ya njano, ili asije mtu akadhani ni GPS ya kamera.

Klipu nane za simu nilizotumiwa na msaidizi kwa programu ya ujumbe zilikuja zimevuliwa kila kitu, mahali na saa halisi. Kilichobaki ni tarehe ya faili, ambayo ni siku niliyoipokea tu. Nilimwomba anipe za awali kwa kebo.

Upande wa lenzi sina mengi. Klipu 230 za kamera zilitoka na jina kamili, `FE 24-105mm F4 G OSS` kwa wingi, na droni na simu nikaziachia kistari. Jina hilo linakwambia ni lenzi gani ilifungwa, halikwambii ulivuta hadi milimita ngapi. Zilizobaki 38 ni za ile 50 ya zamani tuliyoifunga kwa adapta isiyo na miguso ya umeme, kamera haikujua imebeba nini. Programu haiwezi kutoa kisichoandikwa. Hizo nilizijaza kutoka daftari la mpiga picha, na bahati nzuri yeye ni mtu wa kuandika. Ukurasa wa tarehe 13 umelowa maji ya chumvi lakini unasomeka.