TAHADHARI: Usinunue "nafasi ya mtoto" kwenye akaunti ya mtu mwingine

Wazazi, kuna biashara inazunguka kwenye stetasi za WhatsApp na makundi ya Telegram. Tangazo lake halibadiliki sana: programu ya kufundishia watoto kusoma na kuhesabu, kifurushi cha mwaka mzima, masomo yote yamefunguliwa, bei robo ya ile halali. Unatuma pesa kwa simu, unataja jina la mtoto na umri wake, na baada ya dakika chache unaletewa barua pepe na nenosiri la kuingilia. Mtoto anakuta katuni yenye jina lake na masomo yanafunguka. Siku za mwanzo huna cha kulalamikia, ndiyo maana waliouziwa juzi ndio wanaompigia debe muuzaji kwenye kundi.

Ulichouziwa si usajili. Programu nyingi za aina hii zina tabaka mbili. Juu kuna akaunti ya mzazi, ambayo ndiyo iliyolipiwa, na yenye barua pepe, nenosiri na sehemu ya wazazi. Chini yake kuna profaili za watoto, na kila profaili ina jina, mwaka wa kuzaliwa au darasa, na kumbukumbu ya masomo yaliyokwisha. Kifurushi cha familia huruhusu profaili kadhaa, mara nyingi 3 au 4, kwa sababu kimetengenezewa ndugu wa nyumba moja. Muuzaji anachokufungulia ni profaili moja ndani ya akaunti yake. Mwenye akaunti ni yeye, na watoto wa watu wengine usiowajua wako humo humo.

Sasa piga hesabu. Tuseme kifurushi cha familia kinauzwa shilingi 120,000 kwa mwaka na kinabeba profaili 4. Muuzaji anatoza 25,000 kwa kila mtoto. Akijaza nafasi zote anapata 100,000, yaani amekula hasara ya 20,000 kabla hata ya kula chai. Hakuna anayefanya biashara hivyo mwaka mzima, kwa hiyo hela yake inatoka mahali pengine, na mara nyingi ni mojawapo ya njia tatu.

Ya kwanza ni jaribio la bure. Programu nyingi hutoa siku 7 bila malipo, tena kwa kifurushi kikubwa kabisa. Muuzaji anafungua akaunti kwa barua pepe mpya, anaanzisha jaribio, anakata usajili siku hiyo hiyo, kisha anauza nafasi 4. Yeye hajalipa hata senti. Siku ya nane makufuli yanarudi, na ukimuuliza anasema "tumehamisha seva" na kukutumia barua pepe nyingine na nenosiri jingine. Hapo ndipo pa kumkamata. Usajili halali ukilipiwa tena haubadilishi barua pepe ya kuingilia. Barua pepe ikibadilika na mtoto akaanzishwa somo la kwanza kama mgeni, ujue hiyo ni akaunti mpya.

Njia ya pili ni kuuza nafasi moja kwa watu wengi. Utaigundua kwenye kumbukumbu za masomo: mtoto aliacha herufi M jana, leo yuko herufi S na ana nyota ambazo hakuzipata. Au jina la profaili limebadilika usiku. Programu nyingine zina kikomo cha vifaa vinavyoingia kwa pamoja, basi mtoto anatolewa katikati ya somo kila mwingine anapoingia. Njia ya tatu ni kadi ya benki ya wizi. Akaunti inakaa vizuri mpaka mwenye kadi alalamike benki, kisha inafungwa ghafla pamoja na profaili zote.

Uongo unaowashika wazazi wengi zaidi, lakini, ni wa makufuli. Ukimlalamikia muuzaji kwamba masomo yamefungwa, atakwambia "mtoto bado hajafika hatua hiyo", au "ongeza 10,000 tukufungulie". Kwa kawaida kuna kufuli za aina tatu, na unaweza kuzitofautisha mwenyewe bila kumuuliza mtu.

Kufuli ya kifurushi ukiigusa inakuletea swali la wazazi, kisha ukurasa wenye bei. Hiyo haifunguki kwa mtoto kusoma sana. Inafunguka kwa malipo tu, na ukiiona kwenye profaili uliyoambiwa imelipiwa, haijalipiwa. Kufuli ya hatua haikuonyeshi bei. Inakurudisha kwenye somo ambalo halijakamilika, na mtoto akilimaliza inaondoka. Ya tatu ni ya rika. Programu zinazogawa masomo kwa umri, tuseme miaka 2–4, 5–7 na 8–10, hufunga au huficha kabisa yaliyo nje ya rika la mtoto. Ijaribu kwa kubadilisha mwaka wa kuzaliwa kwenye profaili: masomo yakibadilika, tatizo lilikuwa umri ulioandikwa. Ukimaliza rudisha mwaka sahihi, maana baadhi ya programu hupanga upya njia nzima ya masomo.

Wauzaji hukosea rika mara nyingi, na kuna sababu. Anafungua profaili zote kwa haraka na kuziacha kwenye umri ule ule uliojazwa awali. Mtoto wa miaka 4 anapewa hesabu za kugawanya, analia, mzazi anadhani programu ni ngumu. Wakati mwingine mnunuzi mwingine ndiye aliyebadilisha, kwa kuwa mwenye nenosiri la akaunti anaweza kugusa profaili zote.

Hili la kugusa profaili zote lina ubaya kuliko hizo 25,000. Sehemu ya wazazi ndiyo yenye ripoti ya kila mtoto: jina, umri, siku na saa alizoingia, anachoweza na asichoweza. Programu zenye zoezi la kusoma kwa sauti zinaweza kuwa na rekodi za sauti yake pia. Mlango wa kuingilia humo mara nyingi ni swali kama 7 × 8 au mwaka wa kuzaliwa wa mtu mzima. Swali hilo linamzuia mtoto mdogo tu. Mtu mzima mwenye nenosiri halimzuii. Hata pale ambapo kifurushi kinatoa namba ya siri ya wazazi, aliyeiweka ni muuzaji. Kikomo cha dakika kwa siku, kuzima viungo vya nje na kuchagua masomo mara nyingi huwa kwenye vifurushi vya kulipia, lakini hapa anayevishika si wewe.

Wengine wana ujanja wa ziada: wanakutumia mwaliko wa kujiunga na "familia" yao ya Google. Usiukubali. Maktaba ya familia ya Google Play haishirikishi manunuzi ya ndani ya programu, na masomo haya karibu yote hufunguliwa kwa njia hiyo, kwa hiyo hutapata kitu. Isitoshe, Google huruhusu kuhamia familia nyingine mara moja tu katika miezi 12. Ukitoka huko na kuingia ya mume au mke wako, huenda ukalazimika kusubiri mwaka kabla ya kuhama tena. Na muuzaji akikuomba namba ya tarakimu 6 iliyoingia kwenye simu yako "ili akuunganishe", anachukua akaunti yako ya Google au ya WhatsApp. Faili za APK za "premium" zinazotumwa kwa WhatsApp zifute bila kuzifungua.

Kuna na wanaouza cha bure. Khan Academy Kids, ya watoto wa miaka 2 hadi 8, ni bure yote, haina matangazo wala kifurushi cha kulipia. Anayekuuzia "premium" yake anakuuzia hewa. Vipindi vya Akili and Me vya Ubongo ya Dar es Salaam navyo vinapatikana bure YouTube, kwa Kiswahili.

Ukitaka kulipia kihalali, pakua programu kutoka Google Play au App Store na utumie sehemu ya bure kwanza, mwaka wa mtoto ukiwa sahihi. Kabla ya kulipa soma ukurasa wa bei na utafute vitu viwili: kifurushi kinabeba profaili ngapi, na kikomo cha muda kiko kwenye kifurushi kipi. Wenye mtoto mmoja hawana haja ya kile cha familia. Lipia kwa akaunti ya mzazi, si ya mtoto. Kwa Kenya, Google Play inapokea M-Pesa moja kwa moja. Usajili wako utauona hapa:

```
Play Store > picha ya wasifu > Payments & subscriptions > Subscriptions
```

Usipouona hapo, na hukulipia App Store wala kwenye tovuti ya programu yenyewe, huna usajili. Kufuta programu kwenye simu hakukati usajili, makato yanaendelea. Ukianza jaribio la bure, likate angalau saa 24 kabla halijaisha.

Na hata kampuni halali zisomwe masharti. Mwaka 2020 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliibana Age of Learning, wenye ABCmouse, kwa kutowaeleza wazazi vizuri kuhusu usajili unaojirudia na kwa kufanya kuukata kuwe kugumu. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 10.

Kama umeshanunua nafasi, usianze kwa kugombana na muuzaji, kwa sababu akishtuka atabadilisha nenosiri na hutaingia tena. Ingia kwanza, piga skrinshoti za profaili na za ukurasa wa akaunti, kisha badilisha jina la mtoto liwe herufi moja tu, weka mwaka wa uongo, na futa profaili kama inakuruhusu. Maendeleo ya mtoto yatapotea, kwa kawaida hayahamishiki kwenda akaunti nyingine. Kama data imebaki, andika kwa anwani ya msanidi iliyoko kwenye ukurasa wa programu huko Play, utaje barua pepe ya akaunti na uombe data ya mtoto wako ifutwe.

Pesa zifuatilie siku hiyo hiyo, kwa kuwa muamala hurudishwa kwa urahisi tu pale ambapo salio bado halijatolewa. Kenya, tuma ujumbe wa muamala wa M-Pesa kwenda 456. Tanzania, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako, 100, na namba ya tapeli itume 15040. Google hawawezi kukurudishia, maana hukuwalipa wao. Waliolipia ndani ya Play wenyewe wana saa 48 za kuomba kurudishiwa, na ombi hilo linaanzia kwenye orodha ya oda: play.google.com/store/account/orderhistory.