Lenzi ya kununua ukiendesha gari usiku na kushinda mbele ya kompyuta

Dereva mmoja wa lori, safari zake ni Dar hadi Dodoma mara mbili kwa wiki, alikuja dukani na miwani mpya aliyotengenezewa kwingine. Alisema kila gari linalomjia usiku lina taa nne: mbili kali, na mbili hafifu zinazoelea pembeni. Nilimpima upya, namba zikawa zilezile. Nikaishika miwani chini ya taa ya tyubu ya darini, nikaona tyubu imejichora kwenye lenzi, nyeupe kabisa, kama kwenye kioo cha dirisha. Lenzi ilikuwa haina utando wa kuzuia mng'ao, ule ambao risiti nyingi huuandika AR na wateja huuita antiglea.

Zile taa mbili za ziada zinatoka ndani ya lenzi yenyewe. Lenzi ya plastiki ya kawaida huakisi karibu asilimia 4 ya mwanga kila upande. Mwanga wa taa ukishaingia, sehemu yake hugonga uso wa nyuma ukarudi mbele, ukagonga uso wa mbele ukarudi tena, ndipo ukaingia jichoni. Asilimia 4 ya asilimia 4 ni 0.16 tu ya kila mia. Mchana huioni. Usiku, taa kali ikiwa mbele ya barabara nyeusi, unaiona vizuri sana. Utando mzuri ukishusha mwakisiko hadi nusu ya asilimia kila upande, ile taa bandia inabaki 0.0025 ya kila mia, yaani imefifia mara 64. Dereva yule hakuhitaji namba nyingine, alihitaji utando.

Kwenye kompyuta kazi ni ileile, ila mwanga unatoka nyuma. Ukikaa dirisha likiwa mgongoni, mwanga wake hugonga upande wa ndani wa lenzi na kuingia jichoni juu ya maandishi unayosoma. Utando huuondoa. Hautaondoa uchovu unaotokana na kukodoa macho bila kupepesa, wala namba isiyokufaa.

Hivi ndivyo ningezipanga kwa pesa yangu

Ya kwanza ni lenzi yenye utando wa AR pande zote mbili, chini yake hadikoti, yaani tabaka gumu la kupunguza mikwaruzo, na juu kabisa tabaka linalofukuza maji na mafuta. Hilo la juu ndilo wateja wengi hulikataa ili kupunguza bei, na ndilo linaloamua kama miwani utaipenda baada ya miezi sita. AR huonyesha alama ya kidole kuliko lenzi tupu, kwa sababu hakuna mng'ao wa kuificha. Bila tabaka la juu utakuwa unafuta kutwa, na kufuta ndiko kunakokwaruza.

Ya pili ni AR na hadikoti, bila tabaka la juu. Usiku inaona sawasawa na ya kwanza. Inunue kama bajeti imebana na uko tayari kuiosha kila siku. Ukiwa na namba kubwa na umechagua lenzi nyembamba ya 1.67, kipimo cha jinsi plastiki inavyopinda mwanga, usishuke chini ya hapa: plastiki hiyo huakisi zaidi, karibu asilimia 6 kila upande.

Ya tatu ni blukati, lenzi ya kuchuja mwanga wa buluu. Kama inakuja na AR kwa bei ileile, chukua bila wasiwasi. Usiongeze pesa kwa ajili yake. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio 17, hayakuona kwamba lenzi za kuchuja mwanga wa buluu hupunguza uchovu wa macho wa kompyuta kwa muda mfupi waliofuatiliwa washiriki.

Ya nne ni hadikoti tupu. Naishauri kwa miwani ya akiba, au ya kuvaa kwenye vumbi la mchanga na saruji, ambako utando wowote wa AR hautadumu.

Miwani ya manjano inayouzwa barabarani kama ya kuendeshea usiku siiweki kwenye orodha kabisa. Inapunguza mwanga wakati unauhitaji wote. Watafiti wa Boston walioijaribu kwenye kiigizo cha gari, matokeo yakatoka 2019, hawakuona kwamba inamsaidia dereva kumwona mtembea kwa miguu taa za gari jingine zikimmulika.

Kagua kabla ya kulipa

Simama chini ya taa ya darini na uinamishe lenzi taratibu. Utaona taa ikijichora mara mbili, moja kutoka uso wa mbele na nyingine kutoka wa nyuma. Zote mbili ziwe hafifu na zenye rangi, kijani au buluu. Moja ikiwa nyeupe, upande huo hauna utando, na mara nyingi ni wa ndani, ambao ndio unaouhitaji kwenye kompyuta. Kisha omba tone la maji. Kwenye tabaka zuri la juu tone hukaa kama shanga na kuteleza ukiinamisha lenzi. Kwenye lenzi isiyonalo hutandaa.

Na kabla ya kununua chochote, usiku ukiwa abiria, itikise miwani kidogo usoni ukitazama taa za mbali. Taa bandia ikisogea, ni lenzi. Ukiona duara la mwanga kuzunguka taa nalo halisogei, angalia kioo cha mbele cha gari kwa ndani, maana hushika mafuta na vumbi. Kikiwa safi na duara bado lipo, nenda ukapimwe macho, hasa kama umepita miaka 50. Mtoto wa jicho hutawanya mwanga namna hiyo na hakuna utando utakaousaidia.

Mafuta na mikwaruzo

Usifute lenzi kavu. Kwenye vumbi letu lenzi huwa na chembe za mchanga usizoziona, na ncha ya kanga au shati inazisaga juu ya utando. Ipitishe kwanza kwenye maji ya bomba, yasiwe ya moto. Weka tone dogo la sabuni ya maji ya vyombo, isiyo na losheni, sugua kwa ncha za vidole pande zote mbili na kwenye daraja la pua, suuza, kung'uta, ndipo ukaushe kwa kitambaa cha maikrofaiba. Kitambaa hicho nacho kifuliwe, bila kilainisha nguo, kwa sababu huacha mafuta yanayorudi kwenye lenzi.

Joto ni adui mkubwa kuliko kucha. Ukiiacha miwani juu ya dashibodi gari likiwa juani, plastiki hutanuka kuliko utando ulioshikamana nayo, na utando hupasuka vipande vidogo vidogo kama tope lililokauka. Ukiuona ufa wa namna hiyo chini ya taa, usiendelee kusugua ukidhani ni uchafu. Utando umeshaharibika.

Mkwaruzo haufutiki. Dawa ya meno na magadi huonekana kusaidia kwa sababu zinasugua utando wote kuzunguka mkwaruzo, na baada ya hapo una doa jeupe katikati. Mkwaruzo wa pembeni uache ulivyo. Ulio mbele ya mboni hutawanya kila taa inayokujia usiku, kwa hiyo badilisha lenzi ubaki na fremu yako. Badilisha zote mbili kwa pamoja, kwa sababu utando mpya na wa zamani mara nyingi haulingani rangi, na utaiona tofauti hiyo kwenye kila picha.