Uzoefu wangu na mfasiri wa mkataba wa nyumba, Mji Mkongwe

Nilimpelekea mfasiri mmoja wa Vuga mkataba wa kupangisha nyumba yetu ya urithi, Malindi. Mpangaji ni mgeni anayetaka kulaza watalii, na Kiswahili hakijui. Nilikuwa nangojea nakala ya Kiingereza, lakini kilichonifikia kwanza ni barua.

Kifungu kilichomsimamisha ni hiki: "Mpangaji atalipa kodi zote za nyumba kabla ya tarehe 5 ya kila mwezi." Sisi tukisema kodi ya nyumba twakusudia pesa za mwenye nyumba. Lakini kodi pia ni ile inayokwenda Serikalini. Mfasiri alieleza kuwa Kiingereza kina neno lake kwa kila moja, hivyo akiandika lolote ameshaamua nani alipe nini, na uamuzi huo si wake. Ile tarehe 5 ya kila mwezi inavutia upande wa pango. "Zote" inavutia upande wa Serikali, ingawa malipo ya miezi mingi nayo yaweza kuitwa kodi zote.

Kisha akanipigia hesabu, na hapo ndipo nilipoona uzito wake. Pango ni shilingi 2,000,000 kwa mwezi. Mpangaji wa biashara hukata kodi ya zuio, asilimia 10, akaipeleka TRA. Ikiwa kifungu kinazungumzia pango tu, atakata 200,000 nami nipokee 1,800,000. Ikiwa kodi za Serikali nazo ni juu yake, mimi lazima nipate 2,000,000 kamili mkononi. Basi pango lenyewe litahesabiwa 2,222,222 ili asilimia 10 ikitoka zibaki hizo.

Kaka yangu alitaka aandike neno la pango tu, tumalize. Mfasiri alikataa kwa adabu. Alituonesha kifungu cha mwisho: nakala mbili zikikhitalifiana, ya Kiswahili ndiyo itakayofuatwa. Hata Kiingereza kingenyooka vipi, hakimu angerudi kwenye "kodi zote" ileile. Akashauri tumrudie wakili, turekebishe Kiswahili chenyewe: pesa zangu ziitwe "kodi ya pango" kila mahali, na kila kodi ya Serikali itajwe kwa jina lake katika kifungu mbali, na atakayeilipa.

Tulikaa na mpangaji kwa wakili. Tukakubaliana zuio likatwe katika pango langu, kwa kuwa ni kodi ya kipato changu, naye anipe hati ya makato kila anapolipa. Kumbe yeye alikuwa amefahamu hivyo tangu mwanzo, na kaka yangu alikuwa amefahamu kinyume chake.

Ninalolalamikia ni malipo. Vifungu vilivyorekebishwa mfasiri alivitoza upya, na hilo hakulisema mapema. Muulizeni kabla ya kumkabidhi kazi. Kwa mkataba wa nyumba au shamba, mimi nitampelekea tena.