Miaka minne ya kuvizia bei za gemu Steam: uzoefu wangu na SteamDB

Elden Ring ilipotoka Februari 2022 iliuzwa dola 59.99. Marafiki zangu wawili waliinunua wiki ile ile. Mimi niliiweka kwenye Wishlist yangu ya Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, nikafungua ukurasa wake SteamDB, nikakaa kimya. Mwishowe nimeichukua kwa dola 35.99. Dola 24 zilizobaki, kwa shilingi za Kitanzania, ni zaidi ya elfu hamsini, na bosi wa mwisho hakuwa mwepesi zaidi kwa wale waliowahi.

SteamDB si duka na si mali ya Steam. Ni tovuti inayorekodi mabadiliko ya bei ya kila gemu na kuyachora kwenye grafu. Jambo la kwanza ukifika ni kuchagua sarafu. Sisi wa Tanzania na Kenya tunauziwa kwa dola za Marekani, kwa hiyo mstari wako ni ule wa dola. Usimezee mate bei ya nchi nyingine, maana hutauziwa kwa bei hiyo.

Grafu yenyewe inafanana na ngazi. Bei ya kawaida iko juu, halafu kila punguzo ni shimo la wiki moja au mbili. Wengi hukimbilia kile kisanduku kinachoonyesha bei ya chini kabisa iliyowahi kurekodiwa. Mimi natazama shimo lililojirudia. Elden Ring ilikuwa imeshuka hadi 41.99, baadaye ikafika 35.99, ikapanda, kisha msimu mwingine ikarudi hapo hapo 35.99. Nilipoona sakafu ni ile ile nikajua kusubiri zaidi ni kujitesa, nikalipa. Stardew Valley nayo ni mfano mzuri: tangu 2016 bei yake ni 14.99, na ikishushwa kwa nusu ni 7.49. Imefika hapo mara nyingi, kwa hiyo anayeikosa leo ana haki ya kulala usingizi.

Kosa langu la mwanzoni lilikuwa kusoma asilimia badala ya dola. Mwenye gemu akiongeza bei ya kawaida, punguzo la asilimia 50 la mwaka huu linaweza kuwa ghali kuliko la asilimia 40 la mwaka jana. Steam hairuhusu gemu iliyopandishwa bei ipewe punguzo kabla ya siku 30 kupita, kwa hiyo mchezo wa kupandisha leo na kushusha kesho haupo. Lakini aliyepandisha miezi mitatu nyuma hakuvunja sheria yoyote. Ngazi iliyopanda unaiona kwenye grafu tu, tangazo la dukani halikuambii.

Misimu mikubwa ya mapunguzo Steam ni minne kwa mwaka, na ninayoisubiri hasa ni ule wa mwishoni mwa Juni na ule wa Desemba unaovuka mwaka mpya. Kwa saa zetu ule wa Juni hufunguliwa saa mbili usiku, wa Desemba saa tatu. Dakika za kwanza duka huelemewa na kurasa hazifunguki. Nenda ukale kwanza. Zamani kulikuwa na mapunguzo ya saa chache ndani ya msimu, lakini yaliondolewa mwaka 2015, na bei ya siku ya kwanza kwa kawaida ndiyo ya siku ya mwisho.

Uvumilivu umeshawahi kunishinda. Jumanne moja nilinunua gemu ndogo kwa dola 19.99, Alhamisi msimu ukafunguliwa, nikaikuta 9.99. Nilikuwa nimeicheza dakika 40. Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na hujapita saa mbili za kucheza, na masharti yao yanasema wazi kwamba kurudisha gemu ili uinunue tena kwa bei ya msimu si ujanja mbaya. Niliomba pesa zirudi kwenye Steam Wallet, si kwenye kadi, maana kadi ingeweza kuchukua hata wiki na makato ya benki yangu ni balaa. Zikarudi, nikainunua upya.

Kuna mahali chombo hiki hakikusaidii kuokoa hata senti. Factorio niliitamani tangu ikiwa dola 30. Nikasubiri Juni, nikasubiri Desemba, bila kufungua grafu yake hata mara moja, nikijua tu kwamba kila gemu hushuka. Januari 2023 ikawa dola 35. Ndipo nikaifungua: hakuna shimo hata moja, ni mstari ulionyooka na ngazi za kupanda tu. Kumbe watengenezaji wake walishasema siku nyingi kwamba hawatoi punguzo kabisa. Nikalipa 35 jioni ile ile.