Monita ya Kuhariria Video kwa Laptopu ya Kawaida: HDR au SDR?

Kabla hujatoa hela, jiulize mteja atapokea faili gani. Video ya SDR, yaani ya mwanga wa kawaida, mara nyingi hupangwa rangi kwenye skrini iliyowekwa mwanga wa niti 100. Laptopu nyingi za kawaida hufika niti 250 hadi 350, kwa hiyo SDR yote unaiona, na chenji inabaki. HDR, yaani video yenye upana mkubwa zaidi kati ya giza na mwanga, ni habari nyingine. Kazi nyingi za HDR hupangwa zikiwa na kilele cha niti 1000, na laptopu yako haifiki hata nusu ya hapo. Inachofanya ni kuubana ule mwanga wa juu ili uenee kwenye skrini, nawe unarekebisha picha uliyobaniwa, si ile iliyomo kwenye faili.

Kwa sababu hiyo, chaguo langu la kwanza ni monita ya SDR ya paneli ya IPS pamoja na kifaa cha kupimia rangi. Tafuta inayofunika Rec.709, kiwango cha rangi za SDR, yote au karibu yote, kisha ipime: niti 100, gama 2.4 kama chumba chako kina giza, 2.2 kama kina mwanga wa mchana. Kama hela inatosha kimoja tu, nunua kipimo kwanza. Monita nzuri isiyopimwa inaweza kukudanganya miaka miwili bila wewe kujua.

Wengi wanafikiri wanahitaji HDR kwa sababu simu inarekodi HDR, na hapo ndipo wanapotea. Niliwahi kuletewa klipu ya simu: bibi harusi kasimama kando ya dirisha. Kwenye mradi wangu wa Rec.709 picha ilionekana imepauka, nikaongeza ukolezi wa rangi na kontrasti kwa macho tu. Uso ukawa mwekundu kama aliyeungua jua, na dirisha likageuka karatasi nyeupe. Picha haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa HLG, aina mojawapo ya HDR, yenye rangi pana zaidi za Rec.2020, na programu iliisoma kana kwamba ni Rec.709. Siku hizi naanza kwa kuliuliza faili lenyewe, kwa ffprobe inayokuja na FFmpeg:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=pix_fmt,color_transfer,color_primaries -of default=nw=1 klipu.mov
```

Ukiona `arib-std-b67`, hiyo ni HLG. `smpte2084` ni PQ, aina nyingine ya HDR. `bt709` ni SDR. Kwenye DaVinci Resolve niliweka Color Space Transform juu ya ile klipu: kuingia Rec.2020 na Rec.2100 HLG, kutoka Rec.709 na Gamma 2.4, na Tone Mapping, inayoubana mwanga wa juu, ikiwa imewashwa. Ngozi ikarudi yenyewe, na nje ya dirisha majani yakaonekana. Sikuhitaji monita ya HDR, nilihitaji kuiambia programu ukweli.

La pili, ikiwa mteja ameandika kwenye mkataba kwamba anataka HDR: televisheni ya OLED pamoja na kisanduku cha kutolea picha kinachopeleka ishara ya biti 10 moja kwa moja, bila kupitia mipangilio ya skrini ya kompyuta. Hakikisha kwanza kisanduku chenyewe kinatuma HDR kwa HDMI, maana si vyote. Weusi wa OLED ni weusi kweli. Udhaifu wake ni mwanga: taa ndogo kwenye picha ya usiku itawaka vizuri, lakini theluji iliyojaa skrini itafifia kwa sababu televisheni inajipunguza yenyewe. Usije ukadhani faili ndilo lenye giza, ukalipandisha. Pia iachie televisheni hiyo picha tu. Vitufe vya programu vikikaa palepale siku nzima vinaweza kuacha alama ya kudumu.

Laptopu yenye skrini ya mini-LED naiweka ya tatu. Inafaa kwa kukagua HDR ukiwa safarini, ila kubadilisha kompyuta nzima kwa ajili ya skrini ni gharama ya ajabu.

Ya mwisho kabisa ni monita yenye kibandiko cha DisplayHDR 400. Usiinunue kwa ajili ya kile kibandiko. Toleo la kwanza la kiwango hicho, la 2017, halikudai taa za nyuma zififie sehemu kwa sehemu. Matokeo yake, ukiwasha HDR ili mshumaa ung'ae, giza lote linalouzunguka linageuka kijivu. Kama monita hiyohiyo ina paneli nzuri, zima HDR, ipime, uitumie kama ya SDR. Huenda ikakufaa sana.

Ukishahamisha kazi, pitisha faili la mwisho kwenye amri ileile ya juu. Ulilokusudia liwe SDR likisoma `bt2020`, usilitume bado. Rudi kwenye mipangilio ya kuhamisha, kosa liko hapo.