Spika za honi za kutangazia sokoni: ipi ununue Mombasa

Ukienda dukani kutafuta honi za kutangazia bei pale Kongowea, utaonyeshwa wati kwanza. Wewe uliza desibeli: honi inatoa ngapi kwa wati moja, ukipima mita moja mbele yake? Nzuri huwa kati ya 105 na 110.

Chaguo langu la kwanza ni honi mbili za wati 30 zenye transfoma ndani, na amplifaya ya wati 60 yenye laini ya volti 100, yaani inayopeleka sauti kwa volti ya juu ili waya mrefu usile nguvu. Transfoma ya kila honi iweke kwenye wati 15. Honi ya desibeli 108 itafika 120 mita moja mbele yake. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hushuka desibeli 6, kwa hiyo mita 64 mbele zimebaki 84. Penye kelele ya 70 na kitu, maneno bado yanasikika. Ukipandisha hadi wati 30 unaongeza desibeli 3 tu, na kwa masikio ni tofauti ndogo sana.

La pili ni honi ya omu 8 na amplifaya ya betri ya volti 12. Inamfaa mwenye mkokoteni, waya ukiwa mfupi. Ukivuta waya mwembamba wa 0.5 mm² mita 50, karibu theluthi ya nguvu huishia kwenye waya.

Honi moja kubwa ya wati 100 naiweka ya mwisho. Walio chini yake wanaziba masikio, na walio nyuma yake hawaelewi neno.

Zifunge honi zako mbili kwenye nguzo moja, kimo cha mita 4 hivi, zikipeana mgongo na kuinama kidogo. Usiziweke miisho miwili ya soko zikitazamana: zikiachana mita 60, aliye karibu na moja husikia ya pili imechelewa karibu sehemu 18 kati ya mia za sekunde moja, na maneno yanapandana. Kusi likikaza, upande unakotoka upepo husikia hafifu hata ufanye nini.

Kwa maiki, nunua ya dainamiki inayosikia mbele tu, na mtangazaji asimame mbali na midomo ya honi, la sivyo itapiga mluzi. Sauti ikikwaruza, watu hulaumu honi, lakini mara nyingi kosa ni besi. Anayemeza maiki huongeza besi, na honi ndogo haiwezi kutoa sauti za chini ya hezi 300 hivi. Kiwambo chake hutikisika bure hadi koili iungue. Shusha kitufe cha besi kabisa, maiki ikae upana wa kiganja kutoka mdomoni. Kisha mtangazaji aseme kwa nguvu zake zote huku ukipandisha sauti polepole. Ikianza kukwaruza, rudisha nyuma kidogo na utie alama ya rangi hapo.