Kiungo kifupi chenye jina lenu: huduma ya kukodi au faili lenu wenyewe?

Hamhitaji kununua domeni mpya. Shirika likiwa na mfano.or.tz, domeni ndogo kama nenda.mfano.or.tz inatosha. Swali ni nani atakayetunza orodha ya viungo.

Huduma ya kukodi ya kufupisha viungo huwapa rekodi ya CNAME, inayoelekeza domeni ndogo yenu kwenye seva zao, ya kuweka kwenye mipangilio ya DNS ya domeni yenu, kisha mfanyakazi yeyote hutengeneza viungo na kuona idadi ya mibofyo. Ni rahisi, ila orodha inakaa kwao: malipo yakikatika, mabango yenu yenye msimbo wa QR yanaweza kuacha kufanya kazi. Pakueni nakala ya CSV kila mwezi.

Njia ya pili ni faili la `_redirects` kwenye tovuti iliyowekwa Netlify au Cloudflare Pages; kila mstari wake una njia fupi, ukurasa inakopeleka na namba ya jibu:

```
/mkutano https://mfano.or.tz/matukio/mkutano 302
```

Namba hiyo ya mwisho ina uzito. Jibu la 301, yaani ukurasa umehama kabisa, kivinjari hulihifadhi, kwa hiyo mkibadilisha ukurasa, waliowahi kubofya wanaweza kuendelea kupelekwa ule wa zamani. Kwa 302, yaani umehama kwa muda, kwa kawaida kivinjari huuliza upya. Takwimu za mibofyo ni haba hapa, lakini faili likitunzwa kwa Git, programu inayoweka historia ya mabadiliko, kila badiliko lina jina la aliyelifanya. Kwa viungo visivyofika mia, ningechagua faili.